Jedwali la Mkono au Programu ya Mstari: Kupanga Fedha za Miezi Sita kwa Mfanyabiashara wa Dagaa Mwanza

Mfanyabiashara anayenunua dagaa mwaloni Kirumba na kuuza kwa viwanda vya chakula cha kuku hulipa wavuvi na wachuuzi kwa fedha taslimu siku ileile, lakini wateja wake humlipa baada ya mwezi mmoja, miwili au zaidi. Pengo hilo la muda huzibwa kwa mikopo ya muda mfupi, na miezi ambayo fedha huingia kwa wingi huacha ziada ambayo si busara kuilaza bila kuzalisha chochote. Katika makala haya ninalinganisha njia mbili za kupanga ukopaji na uwekezaji huo. Ya kwanza ni jedwali la mapato na matumizi linalojazwa mwezi baada ya mwezi, na ya pili ni programu ya mstari, yaani hesabu ambamo miezi yote huandikwa kwa pamoja kama milinganyo ya daraja la kwanza, kisha kompyuta hutafuta mpango ulio bora kuliko yote. Zote mbili nitazipima kwa mfano mmoja, ili msomaji aone zinapoachana na sababu yake.

Tuchukue kampuni ndogo ya kifamilia inayopanga kuanzia Julai hadi Desemba. Takwimu ni za mfano, na zote ni za milioni za shilingi. Baada ya kujumlisha mauzo yanayotarajiwa kulipwa na kutoa manunuzi, usafiri, mishahara na kodi, kampuni inatarajia upungufu wa 70 Julai na upungufu wa 40 Agosti, ziada ya 50 Septemba, upungufu wa 70 Oktoba, kisha ziada ya 140 Novemba na ya 60 Desemba. Oktoba ni nzito kwa sababu manunuzi makubwa yanakutana na awamu ya tatu ya kodi ya makadirio, ambayo kwa anayefuata mwaka wa kalenda mwisho wake ni 30 Septemba, na hapa inahesabiwa pamoja na malipo ya mwanzo wa Oktoba. Ukijumlisha miezi yote sita unapata ziada ya 70, kwa hiyo biashara yenyewe ni nzima, na kinachosumbua ni mpangilio wa tarehe tu.

Kampuni ina vyanzo viwili vya fedha. Benki imeipa ovadrafti yenye ukomo wa 60, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. SACCOS yao hutoa mkopo wa miezi mitatu unaorejeshwa wote kwa mkupuo pamoja na riba ya asilimia 3.6 kwa kipindi chote, na jumla ya mikopo hiyo haiwezi kuzidi mara tatu ya akiba ya mwanachama, ukomo ambao kwa kampuni hii ni 90. SACCOS inafunga hesabu mwisho wa mwaka na inataka kila mkopo uwe umerejeshwa ifikapo mwanzo wa Desemba, maana yake mkopo wa miezi mitatu unaweza kuchukuliwa Julai, Agosti au Septemba pekee. Ziada huwekwa kwenye amana inayolipa asilimia 0.4 kwa mwezi baada ya kodi ya zuio. Kwa urahisi tunachukulia kwamba fedha zote huingia na kutoka mwanzoni mwa mwezi, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu kwa biashara ya dagaa lina hatari yake.

Kabla ya kugusa hesabu yoyote, inafaa kulinganisha bei za vyanzo hivi viwili. Ukihitaji fedha kwa miezi mitatu kamili, ovadrafti itakugharimu takriban asilimia 4.6 kwa riba juu ya riba, na SACCOS itakugharimu 3.6. Ukizihitaji kwa mwezi mmoja tu, ovadrafti ni 1.5, ilhali mkopo wa SACCOS, hata ukiweka fedha hizo kwenye amana kwa miezi miwili inayobaki, hautashuka chini ya takriban 2.8. Kwa hiyo hakuna chanzo kilicho rahisi siku zote; urahisi hutegemea muda ambao fedha zitahitajika, na muda huo hauonekani ukiutazama mwezi mmoja peke yake.

Jedwali la mkono hufanya hivi. Julai inahitajika 70, mhasibu anachukua ovadrafti yote ya 60 na kukopa 10 SACCOS. Agosti analipa ovadrafti pamoja na riba yake, 60.9, na ana upungufu mpya wa 40, jumla 100.9, anachukua tena ovadrafti ya 60 na SACCOS 40.9. Septemba zinaingia 50, anapunguza deni la benki na kubakiwa na ovadrafti ya 10.9. Hadi hapo kila kitu kinaonekana kizuri, na mhasibu ana haki ya kufurahi kwamba deni la benki limeshuka. Oktoba ndipo mambo yanapokwama. Kuna upungufu wa 70, mkopo wa SACCOS wa Julai umeiva kwa 10.36, na ovadrafti ya Septemba inadai 11.06. Zinahitajika 91.42, benki inatoa 60, na SACCOS haikopeshi tena hadi mwaka ujao. Zinapungua 31.4, na mlango uliobaki wazi ni wa wale wakopeshaji ambao watu huita kausha damu. Tukichukulia asilimia 10 kwa mwezi, kampuni itamaliza Desemba ikiwa na 62.17.

Sasa programu ya mstari. Tunaita x ovadrafti ya mwezi husika, y mkopo wa SACCOS uliochukuliwa mwezi huo, z ziada iliyowekwa kwenye amana, na v fedha zinazobaki Desemba. Kila mwezi una mlinganyo mmoja unaosema kwamba fedha zilizokopwa, ukiongeza amana zinazorudi na ukitoa madeni yanayolipwa na amana mpya, lazima zilingane na upungufu wa mwezi huo. Ziada huandikwa kama upungufu wenye alama ya kutoa. Mfano mzima unaingia kwenye faili moja fupi:

```
Maximize
 lengo: v
Subject To
 jul: x1 + y1 - z1 = 70
 ago: x2 + y2 - 1.015 x1 + 1.004 z1 - z2 = 40
 sep: x3 + y3 - 1.015 x2 + 1.004 z2 - z3 = -50
 okt: x4 - 1.036 y1 - 1.015 x3 + 1.004 z3 - z4 = 70
 nov: x5 - 1.036 y2 - 1.015 x4 + 1.004 z4 - z5 = -140
 des: - 1.036 y3 - 1.015 x5 + 1.004 z5 - v = -60
 saccos: y1 + y2 + y3 <= 90
Bounds
 x1 <= 60
 x2 <= 60
 x3 <= 60
 x4 <= 60
 x5 <= 60
End
```

Kwa programu huria ya GLPK faili hilo hutatuliwa kwa amri `glpsol --lp fedha.lp -o jibu.txt`. Anayetumia Excel anaweza kuandika milinganyo hiyohiyo kwenye seli na kuchagua `Simplex LP` ndani ya Solver. Njia ya simpleksi inayofanya kazi ndani yake iliasisiwa na George Dantzig mwaka 1947, na tatizo la ukubwa huu huisha kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Majibu ya njia zote mbili, yakiwekwa pamoja, ni haya:

| Mwezi | Mtiririko | Mkono: ovadrafti | Mkono: SACCOS | Mkono: amana | Programu: ovadrafti | Programu: SACCOS | Programu: amana |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Julai | -70 | 60.0 | 10.0 | 0 | 60.0 | 10.0 | 0 |
| Agosti | -40 | 60.0 | 40.9 | 0 | 29.3 | 71.6 | 0 |
| Septemba | +50 | 10.9 | 0 | 0 | 0 | 0 | 20.3 |
| Oktoba | -70 | 60.0 na kausha damu 31.4 | 0 | 0 | 60.0 | 0 | 0 |
| Novemba | +140 | 0 | 0 | 2.2 | 0 | 0 | 4.9 |
| Desemba | +60 | | | salio 62.17 | | | salio 64.92 |

Mipango yote miwili inaanza sawa Julai na inaachana Agosti. Programu inakopa SACCOS 71.6 badala ya 40.9, inaacha nusu ya ovadrafti bila kuitumia ingawa benki imeiruhusu, na Septemba inaweka 20.3 kwenye amana ya asilimia 0.4 huku ikidaiwa mkopo unaogharimu wastani wa asilimia 1.2 kwa mwezi. Mtu akitazama safu ya Septemba peke yake ataona upuuzi, na nimeona watu wazoefu wakiufuta mpango wa namna hii kwa sababu hiyo tu. Lakini fedha hizo za Septemba ndizo zinazoziba shimo la Oktoba. Mkopo wa Agosti unaiva Novemba, mwezi uleule ambao 140 zinaingia. Unachukua nafasi ya ovadrafti ya Agosti, ambayo ingekuwa ghali zaidi kwake. Na hauiangushi Oktoba kama mkopo wa Julai unavyofanya. Ule wa Julai unaiva katika mwezi mbaya kuliko yote, ndiyo maana programu inauchukua kwa kiasi cha 10 tu, kile ambacho ukomo wa benki unalazimisha.

Haki itendeke kwa jedwali la mkono. Mhasibu mwenye uzoefu akifika Oktoba na kuona shimo hatakwenda kwa kausha damu. Atarudi nyuma na kurekebisha. Mahali pa karibu pa kurekebisha ni Septemba, kwa hiyo atakopa SACCOS takriban 31.2 mwezi huo, na shimo litazibika. Mpango huo unatekelezeka na unaacha 64.57 Desemba. Tofauti yake na ule wa programu ni shilingi 350,000 hivi, na inatokana na jambo moja: mkopo wa Septemba unaiva Desemba, wakati tangu Novemba kampuni ina fedha mkononi na haiuhitaji tena. Angerudi hatua moja nyuma zaidi, hadi Agosti, angeufikia mpango uleule wa programu. Kwa hiyo nisingemshauri mtu aamini kwamba programu ya mstari inaona mambo ambayo binadamu hawezi kuyaona. Penye shimo moja na mikopo miwili, mhasibu makini anaweza kulifikia jibu kwa kujaribu. Penye mashimo mawili, mikopo mitatu na ukomo mbalimbali, kila marekebisho yanafungua tundu jipya mahali pengine, na hana njia ya kujua ameacha kiasi gani mezani.

Kuna hali ambayo jedwali la mkono linatosha kabisa, na ni vizuri kuitaja waziwazi kwa sababu wengi wako ndani yake. Ikiwa chanzo cha kukopa ni kimoja tu, kinalipwa mwezi kwa mwezi, riba yake ni kubwa kuliko ya amana, na ukomo wake haufikiwi kamwe, basi kanuni ya kukopa kile unachopungukiwa mwezi huo na kulipa mara tu unapopata ndiyo iliyo bora, na programu itakurudishia jibu lilelile. Dalili za kwamba umetoka kwenye hali hiyo ni mbili, na zote huonekana kwenye jedwali lenyewe: ama kuna mwezi ambao ovadrafti imegusa ukomo, ama kuna mkopo unaoiva katika mwezi ambao utalazimika kukopa tena. Kampuni yetu ina dalili zote mbili.

Kwa maoni yangu sababu nzito zaidi ya kuichagua programu ni majibu ya pembeni inayoyatoa pamoja na mpango, yaani bei kivuli. Bei kivuli ya mwezi ni thamani ya shilingi moja ya mwezi huo ikipimwa kwa shilingi za Desemba. Katika faili la majibu la GLPK inasomwa kwenye safu ya `Marginal` mbele ya kila mlinganyo; inatoka na alama ya kutoa kwa sababu upungufu ukiongezeka salio la mwisho linapungua. Kwa mfano wetu shilingi ya Julai ina thamani ya 1.0574, ya Agosti 1.0401, ya Septemba 1.0248, ya Oktoba 1.0207 na ya Novemba 1.0040.

Namba hizo hujibu maswali ambayo jedwali la mkono lingekulazimisha kulijaza upya kila mara. Mchuuzi wa dagaa anayedai 10 Oktoba anasema yuko tayari kusubiri hadi Novemba ukimwongezea asilimia 2. Kumlipa Oktoba ni sawa na kutoa 10.2069 za Desemba, kumlipa 10.2 Novemba ni sawa na 10.2408. Mwambie hapana, kwa maana utapoteza karibu shilingi 34,000. Akishuka hadi asilimia 1.5, unamlipa 10.15 Novemba ambazo ni 10.1906, na unafaidika kidogo. Mpaka wa mazungumzo yenu uko karibu na asilimia 1.66, na unaujua kabla hujakaa naye.

Swali la ukomo wa ovadrafti ndilo lililonishawishi zaidi. Anayetazama jedwali la mkono anaona Oktoba imepungukiwa 31.4 na anahitimisha, kwa haraka inayoeleweka, kwamba dawa ni kwenda kuiomba benki iongeze ukomo. Programu inasema vingine. Bei kivuli ya ukomo wa Julai ni takriban shilingi 1,690 kwa kila milioni, na ya Oktoba ni takriban 1,630. Miezi mingine ni sifuri kwa sababu ukomo haufikiwi. Kwa hiyo kuongeza ukomo kwa milioni moja kwa kipindi chote kunaleta shilingi 3,320 hivi, na kuongeza milioni 10 kunaleta shilingi 33,200. Benki ikitoza ada ya asilimia 1 tu kwa nyongeza hiyo, itachukua shilingi 100,000. Kilichoonekana kuwa tatizo la ukomo kilikuwa tatizo la tarehe ya kukopa SACCOS. Ikumbukwe hata hivyo kwamba bei kivuli ina mipaka yake: hapa inashikilia hadi nyongeza ya milioni 10, ambapo mkopo wa Julai na amana ya Septemba vyote vinafika sifuri, na zaidi ya hapo lazima utatue upya.

Upande wa udhaifu, programu ya mstari ina tabia moja ambayo mtumiaji mpya lazima aijue, nayo ni kwamba jibu lake daima hukaa kwenye kona. Tazama mpango wetu: salio la Julai ni sifuri, la Agosti ni sifuri, na la Oktoba ni sifuri huku ovadrafti ikiwa imefika mwisho. Mteja mmoja wa Septemba akichelewesha malipo ya 20 hadi Novemba, Oktoba haitakuwa na pa kuzipata. Jedwali la mkono, kwa kuwa hujazwa na mtu mwenye wasiwasi, mara nyingi huwa na akiba iliyofichwa ndani yake; programu huitafuna akiba hiyo yote kwa sababu hukuiambia kwamba ina maana.

Dawa ni kuiambia. Unaongeza sharti kwamba z ya kila mwezi isipungue kiasi fulani. Nimejaribu 4, na jibu ni kwamba mkopo wa Julai unapanda hadi 14, wa Agosti hadi 75.6, na salio la Desemba linashuka kutoka 64.92 hadi 64.77. Usalama wa milioni 4 kwa miezi mitano unagharimu takriban shilingi 148,000. Sasa mwenye biashara ana bei halisi ya kuijadili na familia yake. Vilevile anaona kwamba jumla ya mikopo ya SACCOS imefika 89.6 kati ya 90, kwa hiyo anayetaka akiba kubwa zaidi ya hapo aanze kwa kuongeza akiba yake ndani ya SACCOS kabla ya Julai.

Makosa ya kuandika mfano hujitokeza kwa namna zinazotambulika. Ovadrafti na amana zikiwa na thamani katika mwezi uleule bila wewe kuweka sharti la akiba, karibu daima umekosea riba, kwa mfano umeandika 1.04 mahali pa 1.004, na programu imegundua kwamba inaweza kukopa kwa benki na kuweka amana kwa faida. Mkopo wa SACCOS na amana vikiwepo pamoja, kama Septemba yetu, si kosa. Programu ikisema hakuna jibu linalowezekana, haitakueleza shimo liko wapi. Njia ninayoipendekeza ni kuongeza kila mwezi chanzo cha dharura chenye riba ya asilimia 10, ile ya kausha damu. Programu itakigusa pale tu inapolazimika, na hivyo itakuonyesha mwezi na kiasi kinachopungua. Usimamishe kazi hapo lakini. Hiyo ni taa ya kuonyesha shimo, wala si ushauri wa kukopa huko.

Kuna pia mambo yasiyo ya mstari. Ikiwa SACCOS inatoza ada moja ya fomu bila kujali ukubwa wa mkopo, au inakopesha kwa mafungu ya milioni 5 pekee, mlinganyo wa daraja la kwanza hauwezi kulisema hilo. Ada ndogo unaweza kuipuuza na kuzungusha majibu, 71.6 ikawa 72. Ada ikiwa kubwa utahitaji vigeu vya namba kamili, ambavyo GLPK inavikubali, lakini bei kivuli za kuaminika utakuwa umezipoteza. Katika hali hiyo ningependelea kutatua mara mbili, mara moja ukiwa na mkopo unaoutilia shaka na mara moja bila, kisha nikalinganisha salio kwa macho.

Jambo la mwisho ni lile la tarehe nililoahidi kulirudia, na ni la Kirumba hasa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi uvuvi husimama kwa siku kadhaa, kisha giza likirudi mzigo huja kwa wingi na wachuuzi wanataka fedha taslimu. Mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29.5, kwa hiyo giza halikai mahali pamoja kwenye kalenda. Mwezi mmoja linaweza kuangukia mwanzoni, na baada ya miezi michache likaangukia mwishoni. Wateja wa viwandani hulipa kwa kalenda, mara nyingi mwishoni mwa mwezi. Mpango wa kila mwezi, uwe wa mkono au wa programu, unajumlisha manunuzi ya tarehe 8 na malipo ya tarehe 28 kana kwamba yametokea pamoja, na unaweza kuonyesha ziada katika mwezi ambao katikati yake ovadrafti ilivuka ukomo. Hapa njia mbili zinaachana tena. Kugawa jedwali la mkono kwa wiki kunalifanya lisibebeke, kwa kuwa marekebisho ya kurudi nyuma yanaongezeka kwa kila wiki. Programu inahitaji tu milinganyo 26 badala ya 6, na mkopo wa miezi mitatu unaandikwa kuwa unaiva baada ya wiki 13.

Kwa kampuni kama hii ningechagua hivi: milinganyo ya wiki kwa miezi miwili ya mwanzo, ambayo giza lake linajulikana na mikataba yake ipo mkononi, kisha milinganyo ya mwezi kwa minne inayobaki, ambayo takwimu zake bado ni makisio. Riba ya ovadrafti kwa wiki iwe sehemu inayolingana na siku, kwa kuwa benki huihesabu kwa siku. Jedwali la mkono libaki kama mahali pa kukusanya takwimu na kuhakiki majibu, maana mlinganyo wenye alama iliyokosewa hugunduliwa haraka zaidi kwa kulipitisha jibu kwenye jedwali na kuangalia kama salio la kila mwezi linafunga. Kisha utekeleze uamuzi wa Julai peke yake. Agosti ikifika, weka salio halisi na mikopo halisi iliyopo, sukuma dirisha mbele kwa mwezi mmoja, ongeza Januari mwishoni, na utatue upya kabla ya kwenda SACCOS kuomba zile 71.6, kwa sababu huenda kwa takwimu mpya zikawa 60 au 80.